Mita inasoma 378, hesabu inasema 393: nani amekosea?

*Shikamoo mhandisi. Nasoma umeme mwaka wa pili, na likizo namsaidia baba mdogo kwenye mashine yake ya kukamua mise za michikichi huku Mwandiga, Kigoma. Swichi kuu na LUKU viko barabarani karibu na transfoma. Kutoka hapo tumevuta kebo yetu wenyewe ya ABC, ile ya nyaya zilizosokotwa pamoja, alumini ya 50 mm², umbali wa mita 400 hadi kwenye mashine. Mota ni ya 22 kW, imefungwa delta. Fundi aliyeisuka upya aliipima karakanani kwake kwa 400 V ikiwa na mzigo, akatuandikia kila koili 12 + j9 Ω. Kebo nimeipigia 0.30 + j0.04 Ω kwa kila waya. Mota ikikamua, kwenye swichi kuu napata 400 V fezi kwa fezi, lakini kwenye mashine napata 378 V, na klampu inasoma 48 A. Nikipiga hesabu ya fezi moja napata 393 V. Fundi wa hapa amepata 361 V, anasema lazima uhesabu waya wa kwenda na wa kurudi. Nani amekosea, au kebo imeharibika? Baba mdogo anataka kununua nyingine.*

Marahaba, kijana. Mwambie baba mdogo hela aiache mfukoni kwanza. Kebo yenu haina ubaya. Wewe umekosea kitu kimoja, fundi wenu amekosea kingine, na mita inasema kweli. Nakushukuru kwa kuandika ampea pamoja na volti, maana bila zile 48 A ningebaki kukisia.

Tuanze na kosa lako. Nimeirudia hesabu yako kwa kufuata njia ambayo nilidhani umeipita, nikafika palepale. Umechukua 12 + j9 ya koili, ukajumlisha na 0.30 + j0.04 ya waya, ukapata 12.30 + j9.04, ambayo ukubwa wake ni 15.27 Ω. Ukagawa 231 V kwa 15.27, ikaja 15.1 A. Ukazidisha kwa 15 Ω za koili, ikaja 227 V, ukazidisha kwa √3, ndiyo hiyo 393 yako. Hatua zote ni safi isipokuwa ya kwanza. Na kengele ilishalia katikati ya hesabu, hukuisikia: hesabu ilikupa 15 A wakati klampu mkononi mwako inasoma 48. Mota ya 22 kW inayokamua mise haiwezi kula ampea 15 kwa fezi tatu za 400 V. Ukipiga hesabu za namna hii, angalia ampea kabla hujafurahia volti. Volti huweza kukaribia ukweli hata hesabu ikiwa imeoza, ampea haifichi.

Ulichokosea ni kuiweka impedansi ya delta ndani ya mchoro wa fezi moja kama ilivyo. Mchoro wa fezi moja ni mchoro wa sta. Umebeba waya mmoja wa laini na nyutro ya kurudia, na volti yake ni ile ya waya hadi nyutro, yaani 400 gawanya kwa √3, ambayo ni 231. Koili yako ya delta haijui nyutro kabisa. Imekaa kati ya waya mmoja na mwenzake, inapata 400 nzima ukiacha upotevu wa njiani. Ukiichomeka kwenye mchoro wa 231 V bila kuibadilisha, umeifunga mota upya bila kujua: umeitoa delta ukaiweka sta.

Hili unaweza kuliona kwa macho. Siku mota imezimwa, na swichi kuu imefungwa kwa kufuli, fungua kile kiboksi cha mota. Utakuta nguzo sita za shaba, safu ya juu W2, U2, V2, ya chini U1, V1, W1. Vipande vitatu vya shaba vimesimama wima, kila kimoja kinaunganisha ya juu na ya chini. Hiyo ndiyo delta. Ungevilaza vikaunganisha zile tatu za safu ya juu peke yake, ungepata sta. Koili ni zilezile, ohm zilezile, kilichobadilika ni vipande vya shaba tu. Sasa piga ampea za kila hali kwa 400 V. Kwenye sta, koili inapata 231 V, na 231 gawanya kwa 15 ni 15.4 A, na hiyohiyo ndiyo inayopita kwenye waya wa laini. Kwenye delta, koili inapata 400 V, inapitisha 26.7 A, na waya wa laini unalisha koili mbili kwa pamoja, hivyo unabeba 26.7 mara √3, ambayo ni 46.2 A. Linganisha 46.2 na 15.4. Ni mara tatu kamili.

Ndiyo maana mafundi hutumia starta ya sta-delta: ukiwasha kwenye sta, ampea za laini zinashuka hadi theluthi. Kila fundi wa mjini na wa kijijini anajua jambo hilo kwa mazoea. Kanuni ya darasani ya kugawa kwa 3 ni jambo hilohilo limegeuzwa upande wa pili. Kama delta inavuta mara tatu ya sta yenye koili zilezile, basi sta itakayovuta sawa na delta yako lazima iwe na koili za theluthi ya ohm. Kwa hiyo:

Z ya sta = (12 + j9) ÷ 3 = 4 + j3 Ω

Ukubwa wake ni 5 Ω, na pembe inabaki 36.9°, kwa hiyo pawa fakta haijaguswa, ni 0.8 ileile. Gawanya mota tu. Waya usiuguse! Nimeona wanafunzi wakishaingiwa na homa ya kugawa, wanagawa na 0.30 + j0.04 pia. Waya wa laini tayari uko kwenye mfumo wa fezi moja, ndio wenyewe unaobeba ampea za laini. Hauna delta ndani yake.

Sasa hesabu inakwenda hivi:

Jumla = (4 + j3) + (0.30 + j0.04) = 4.30 + j3.04 Ω, ukubwa 5.27 Ω

Ampea za laini = 231 ÷ 5.27 = 43.9 A

Volti kwenye mota, waya hadi nyutro = 43.9 × 5 = 219.3 V

Fezi kwa fezi = 219.3 × √3 = 380 V

Ukitaka kujua ndani ya koili yenyewe kunapita nini, gawanya 43.9 kwa √3, upate 25.3 A. Hakikisha kwa njia ya pili: 380 gawanya kwa 15 ni 25.3. Zimekutana, umefika.

Kuna kosa jingine ambalo hukulifanya, ila nalitaja kwa sababu linajificha vizuri. Mtu anagawa delta kwa 3 ipasavyo, halafu anasahau √3, anaanza na 400 badala ya 231. Atapata 400 gawanya kwa 5.27, yaani 76 A, kisha mara 5, volti 380. Jibu la volti limetoka sahihi! Ni kwa sababu volti ya mwisho inategemea uwiano wa 5 kwa 5.27 tu, na uwiano huo haujali umeanza na ngapi. Lakini akienda dukani kununua brekia kwa zile 76 A, amejipoteza. Ndiyo maana nasisitiza klampu.

Twende kwa fundi wenu. Nimeijaribu na yake: ukiweka waya mara mbili, 0.60 + j0.08, pamoja na 4 + j3, unapata 41.7 A na 361 V. Amekuja na mazoea ya umeme wa fezi moja, na huko yuko sahihi kabisa. Ukivuta waya wa taa hadi banda la kuku, ampea inakwenda kwa fezi inarudi kwa nyutro, inalipa ushuru mara mbili. Kwenye fezi tatu zilizolingana, hakuna waya wa kurudi. Chukua wakati ambao fezi ya kwanza iko kileleni. Ampea 43.9 za hesabu yetu ni thamani ya RMS, ile ambayo mita husoma, kilele chake ni 62. Wakati huohuo fezi ya pili na ya tatu kila moja iko kwenye 31, zikielekea kinyume. Sitini na mbili zimekwenda, thelathini na moja mara mbili zimerudi. Kila waya ni wa kurudia wa wenzake, kwa hiyo kila waya unahesabiwa mara moja tu.

Hapo utauliza: sasa ile nyutro ya kwenye mchoro wetu imetoka wapi, kama mota haina nyutro? Imetoka kwenye ulinganifu. Kitovu cha ile sta tuliyoitunga kiko kwenye volti sawasawa na nyutro ya transfoma. Ungefunga waya kati ya vitovu hivyo viwili usingepitisha hata ampea moja, kwa hiyo kuuchora hakubadilishi kitu. Tunauchora kwa ohm sifuri ili hesabu ya fezi moja ipate pa kufungia. Waya wa kufikirika hauna upotevu.

Sasa tumebaki na deni. Hesabu sahihi imetupa 380 V na 44 A, mita yako imesoma 378 na 48. Volti 2 ningezisamehe kwa jina la mita, lakini ampea 4 si za kusamehe. Hapa ndipo vitabu vya mwaka wa pili vinanyamaza mapema. Sisi tumeichukua mota kama pasi, kitu chenye ohm zisizobadilika: volti ikishuka, ampea nayo inashuka. Mota haiko hivyo. Ile skrubu ya kukamulia haijui kwamba volti zimepungua, inadai nguvu ileile kwa mwendo karibu uleule. Volti zikishuka kidogo, rota inachelewa kidogo zaidi, koili inavuta ampea zaidi ili kilowati zibaki palepale. Maana yake, ile 12 + j9 ilikuwa kweli kwenye 400 V za karakanani, na kwenye 378 imekuwa ndogo kidogo.

Njia ya kulirekebisha si ngumu. Kutoka kwenye vipimo vya karakana, tafuta nguvu badala ya ohm. Kwa 400 V na 15 Ω, koili tatu zilikuwa zinakula 25.6 kW, na ukigawa kwa 0.8 ni 32 kVA. Sasa shikilia hizo 32 kVA, ukisie volti za mwisho, upige, urudie. Anza na 380: 32,000 gawanya kwa √3 mara 380 ni 48.6 A. Volti zinazopotea njiani unaweza kuzipata kwa njia fupi ambayo mafundi wa kebo hutumia kila siku:

Upotevu wa fezi moja = I × (R × cos φ + X × sin φ) = 48.6 × (0.30 × 0.8 + 0.04 × 0.6) = 12.8 V

Mara √3 ni 22 V. Toa kwenye 400, unabaki na 378. Rudia mara moja zaidi kwa 378, ampea zinakuja 48.9 na volti zinatulia kwenye 377 na kitu. Mita yako imesoma 378 na 48. Hapo mimi naweka kalamu chini. Mota halisi inakaa katikati ya zile picha mbili, karibu zaidi na hii ya pili.

Usichukue njia ya mkato kuliko hiyo, ya kuzidisha ampea kwa ukubwa wa impedansi ya waya na kuutoa kwenye 231 moja kwa moja. Upotevu wa njiani na volti ya mota havielekei upande mmoja, ndiyo sababu cos na sin zimeingia. Kwa kebo yenu kosa lake lingekuwa volti mbili hivi kwa fezi, si kubwa, lakini kwenye laini ndefu yenye riaktansi nyingi litakuumbua.

Kuhusu 0.30 yako: nadhani umeipiga kwa kebo iliyopata joto, na umefanya vyema. Jedwali hutoa 0.641 Ω kwa kilomita kwa alumini ya 50 mm², lakini hiyo ni kwa nyuzi joto 20 za Selsiasi. Kwa mita 400 ni 0.26. Kebo iliyobeba 48 A mchana wa Kigoma, jua limeikalia kutwa nzima, haiko nyuzi 20. Rezistansi ya alumini inapanda kama 0.4% kwa kila nyuzi moja, hivyo 0.30 inapatikana kwenye nyuzi 60 hivi. Ni makadirio yenye busara.

Basi, je, 378 V ni mbaya? Kabla ya kunijibu nenda kasome kibao cha mota. Kama kimeandikwa 400 V, mmepungukiwa na 5.5%. Kiwango cha kimataifa cha mota, IEC 60034-1, kinaitaka mota ifanye kazi yake mfululizo ndani ya 5% juu au chini ya kilichoandikwa, na kinavumilia hadi 10% ila si kwa kukaa huko muda wote. Kwa hiyo mmechungulia nje ya mlango kidogo: mota itapata joto zaidi, na maisha ya wainding yatapungua. Lakini zipo pia mota za kibao cha 380 V. Kama yenu ni hiyo, 378 ni nyumbani kabisa, na mazungumzo ya kebo mpya kwa sababu ya volti yaishe leo.

Kinachonisumbua mimi zaidi ni kuwasha. Mota ikiwashwa moja kwa moja kwenye delta huvuta kama mara sita ya ampea zake, na pawa fakta ya wakati huo ni duni, tuseme 0.3. Mara sita ya 46.2 ni 277 A, kwa hiyo impedansi yake ya fezi moja wakati huo ni 231 gawanya kwa 277, yaani 0.83 Ω, au 0.25 + j0.795. Jumlisha na kebo: 0.55 + j0.835, ukubwa wake 1 Ω. Ampea 231, na volti kwenye mota zinabaki 333. Nguvu ya kusokota hufuata mraba wa volti, kwa hiyo mota ina 69% tu ya ile iliyoandikwa na mtengenezaji. Ikiwa mise zimekwama ndani ya pipa tangu jana, mota itanguruma bila kuondoka.

Kwa starta ya sta-delta, impedansi ni mara tatu, 2.5 Ω, ampea zinashuka hadi 87 na volti zinabaki 378. Lakini koili inapata theluthi tu ya mraba wa volti, kwa hiyo msokoto ni 30%. Umeokoa kebo, umepoteza msuli. Mashine ya kukamua ikiwashwa tupu, 30% inatosha kuizungusha hadi ishike mwendo. Ikiwashwa ikiwa na mzigo, haitoki. Toeni mise zote kwenye pipa kabla ya kuzima jioni, hilo halina gharama.

Baba mdogo akishikilia kununua kitu, nitakuambia nilivyopima. Kapasita ndiyo watu watamshauri kwanza. Kapasita ya 10 kVAr pale kwenye mota itashusha ampea kutoka 49 hadi 41 hivi, lakini volti zitapanda kwa volti moja tu na kitu. Watu hushangaa. Sababu imo kwenye ile fomula fupi: kapasita inapunguza ule upande wa X × sin φ, na X yenu ni 0.04 tu. Volti zenu zinaliwa na R, na kiasi inachokula kinafuata kilowati, ambazo kapasita haizigusi. Kwenye laini kubwa za nguzo ndefu zenye riaktansi nyingi, kapasita hunyanyua volti vizuri, lakini kwenye ABC ambayo nyaya zake zimesokotwa pamoja, hapana.

Ila kapasita ina faida nyingine. Kebo ipo baada ya LUKU, kwa hiyo joto lake mnalilipa nyie. Kwa 49 A, nyaya tatu zinachoma 3 × 49² × 0.30, karibu 2.2 kW. Ni kama kuacha pasi mbili zinawaka porini mashine ikizunguka. Kwa 41 A upotevu unashuka hadi kilowati moja na nusu. Kebo ya 95 mm² ingeshusha rezistansi hadi 0.15 hivi, volti zingefika 388, na upotevu ungebaki kilowati moja tu. Pigeni saa za kukamua kwa mwezi, zidisheni na kilowati zinazookolewa na bei yenu ya uniti, mlinganishe na bei ya kebo. Kama mnakamua masaa matatu kwa siku msimu wa mise tu, nadhani kebo ya sasa itaendelea kukaa. Kama mnataka kufunga mota ya pili hapohapo, msiongeze kwenye hii ya 50.

Neno la mwisho linahusu sharti la hesabu yote hii, kwamba fezi tatu zimelingana. Umenipa namba moja ya volti na moja ya ampea. Nenda kapime zote: fezi ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya tatu na ya kwanza, halafu klampu kwa kila waya mmoja mmoja. Zikikaribiana, hesabu ya fezi moja ina haki. Zikitofautiana, haina tena, maana nyutro ya kufikirika imehama mahali pake. Na usipuuze tofauti ndogo ya volti: 1% ya kutolingana kwenye volti inaweza kuleta 6 hadi 10% kwenye ampea za mota.

Niliwahi kuitwa kwenye mashine ya kukoboa iliyokuwa ikikata ovalodi kila baada ya robo saa. Hesabu yangu ilikuwa imesema 384, nikapima nikakuta 384, 382 na 379. Mwenye mashine akasema mbona ziko karibu sana. Fezi moja ilikuwa imepoteza volti tano kwenye kiungo kimoja, alumini imefungwa juu ya shaba kwa boliti ya kawaida. Volti tano kwa 40 A ni wati 200, zote kwenye sehemu yenye ukubwa wa kidole gumba. Tulipozima na kupanda nguzo, plastiki ya kiungo ilikuwa imekwishageuka rangi ya kahawa na inanuka. Waya mwenyewe ulikuwa mzima kwa urefu wake wote. Kama naye angenunua kebo mpya na kuifunga kwa boliti ileile, angerudi palepale.

Kupima kwenye mashine, volti ikiwa hai, msifanye wewe na baba mdogo peke yenu kama hamna glavu na mita yenye nyaya zinazofaa. Mwiteni fundi mwenye leseni awepo. Na kama kwenye swichi kuu yenyewe mota ikikamua volti zikishuka hadi 380 au chini yake, tatizo liko upande wa pili wa LUKU, waiteni TANESCO. Msimwombe mtu apandishe tapi ya transfoma kwa urafiki, jirani mwenye taa na friji ndiye atakayeungua usiku mota yenu ikilala. Ukishapima zile sita, niandikie pamoja na kilichoandikwa kwenye kibao.